Wanne nyumba moja Barani, mmoja hajalipa bili za Mei. Nisaidieni hesabu na maneno ya kumwandikia

Wa_Barani · 11 Juni, saa 3 usiku

Assalam aleikum, na wengine hamjambo. Tuko wanne tumepanga nyumba moja hapa Barani, Malindi. Kila mtu ana chumba chake. Jikoni, choo na sebule ni vya wote. Kodi haina shida, kila mtu humtumia mwenye nyumba sehemu yake mwenyewe. Gesi pia haina shida, kila mtu ana mtungi wake wa kilo 6. Tatizo letu ni bili za pamoja. Mimi ndiye ninunuaye tokeni na kulipia maji, waifai na mtu wa taka. Mwezi ukiisha najumlisha, nagawa kwa nne, natuma kwenye kundi letu la WhatsApp.

Mei ilikuja hivi. Stima 4,060. Maji ya mfereji 1,545. Waifai 2,400. Taka 400. Halafu mfereji ulikauka siku tatu, kuanzia tarehe 18, tukanunua mitungi 30 ya mkokoteni kwa 20 kila mmoja, ikawa 600. Jumla 9,005. Kwa nne ni 2,251, nikaandika 2,250 kila mtu.

Wawili, muuguzi na mwanafunzi, wamenilipa. Wa chumba cha nyuma hajanilipa. Yeye ni mpishi hotelini, na watalii walipokwisha walipewa likizo bila mshahara hadi Julai. Tarehe 10 Mei usiku alifunga chumba akaenda kwao Marafa, akarudi tarehe 3 Juni. Siku hiyo hiyo mimi nikaandika kundini: "Amebaki mtu mmoja, na anajijua." Akajibu kwamba hawezi kulipia taa aliyowasha mwingine, kwamba yeye kwa hesabu yake anadaiwa 875, kisha akatoka kwenye kundi. Tangu siku hiyo tukipishana koridoni salamu ni ya shingo upande.

Sitaki kumdhulumu mtu asiyekuwa na mshahara. Lakini mimi nauza dukani, vifaa vya ujenzi, na hiyo 2,250 ni pesa yangu iliyokwisha toka mfukoni. Haki hapa ni ipi? Na nimwandikieje?

Mwenye_Ploti · 11 Juni, saa 3:20 usiku

Mpangaji akishakula mwezi mmoja hatalipa wa pili. Mimi nina vyumba sita Mtangani. Mpe ilani kwa maandishi, amana yake ukate, asipohama badilisha kufuli.

Wa_Barani · 11 Juni, saa 3:31 usiku

Mzee wangu, mimi si mwenye nyumba. Ni mpangaji kama yeye. Kodi yake amelipa yote. Nazungumzia stima, maji na vitu kama hivyo.

Mwenye_Ploti · 11 Juni, saa 3:40 usiku

Nimekuelewa sasa. Basi hapo huna cha kukata. Na hiyo ya kufuli niiondoe, hata sisi wenye nyumba tukifanya hivyo bila amri ya mahakama tunajitia matatani.

KijanaMuyeye · 11 Juni, saa 4 usiku

Mbona jamaa yuko sawa kabisa? Piga siku. Nyinyi watatu mmekaa siku 31 kila mmoja, yeye siku 10. Jumla siku 103. Chukua 9,005 gawa kwa 103, zidisha kwa 10, unapata 874. Hiyo ndiyo 875 yake. Hakutoa namba hewani. Mtu halipii siku ambazo hakulala.

Wa_Barani · 11 Juni, saa 4:12 usiku

Nashukuru, sikujua ameipataje. Nilidhani amebahatisha tu, na kwa kweli hilo ndilo lililonikasirisha. Lakini waifai ni ya mwezi mzima, awepo asiwepo. Hapo siku zinaingiaje?

Mweka_Hazina · 11 Juni, saa 4:30 usiku

Dada, mimi nashika daftari la chama cha akina mama huu mwaka wa saba, na ugomvi wa namna hii nimeuona mara nyingi. Kosa lako na lake ni moja: kila mmoja ametaka kipimo kimoja kipime vitu vyote. Wewe umegawa kwa vichwa, yeye amegawa kwa siku. Bili zenyewe haziko namna moja.

Chukua bili moja moja, ujiulize swali hili tu: asingelala hapo hata usiku mmoja mwezi ule, hii bili ingeshuka? Waifai isingeshuka, ingebaki 2,400. Mtu wa taka angedai 400 yake vilevile. Hizo mgawane kwa vichwa, kwa sababu mlikubaliana wanne kuwa nazo na chumba bado ni chake. Maji ya mfereji yangeshuka, kwa hiyo hayo yapigwe kwa siku. Ile mitungi ya mkokoteni ilinunuliwa tarehe 18 naye yuko Marafa, hajaoga hata kopo moja ya maji yale. Kumtoza 150 ya mitungi, samahani, hapo ulimkosea.

Stima ndiyo ngumu, maana ni vitu viwili vimekaa kwenye mita moja. Kuna taa, feni, pasi, hivyo vinafuata mtu. Na kuna vitu vinavyokula mchana na usiku, awepo mtu asiwepo. Mna friji?

Wa_Barani · 11 Juni, saa 4:41 usiku

Tunalo, la pamoja. Na ruta ya waifai haizimwi. Isitoshe, yeye aliacha nguru wake kwenye friza, mapande manne ndani ya mfuko mweusi ameandika jina kwa kalamu nyeupe. Wiki zote tatu walikuwa pale, wameganda kama jiwe, na amewapika juzi.

Mweka_Hazina · 11 Juni, saa 4:50 usiku

Basi friji lilimfanyia kazi akiwa Marafa. Sehemu ya friji alipe kama mwenzenu mwingine yeyote. Sasa lazima mjue friji linakula ngapi, na hapo mimi si fundi.

FundiNyaya · 12 Juni, saa 12:15 asubuhi

Hilo halihitaji kifaa cha kununua, mita yenyewe inatosha. Chagua siku ambayo nyote mnatoka. Kabla hamjaondoka chomoeni kila kitu ukutani, chaja, televisheni, feni, birika la umeme, taa zote zizimwe. Liache friji na ruta tu. Soma yuniti zilizobaki kwenye kile kidude cha kuingizia tokeni, piga picha saa ionekane. Mkirudi soma tena kabla hujawasha hata taa. Tofauti ndiyo waliyokula hao wawili.

Msifanye kwa saa moja. Mota ya friji inawaka na kuzima. Ukipima saa moja unaweza kukuta imepumzika muda wote ukadhani halili kitu, au imewaka muda wote ukadhani linawafilisi. Saa nane kwenda mbele ndiyo afadhali. Na ujue siku hiyo hakuna anayefungua mlango wa friji, kwa hiyo namba utakayopata iko chini kidogo ya ukweli. Ikosee upande huo, upande wa kumpendelea anayedaiwa, hatakuwa na la kulalamika.

BiMkubwa · 12 Juni, saa 2 asubuhi

Mwanangu Wa_Barani, hesabu nawaachia. Mimi nasema juu ya ile "anajijua". Watu wanne kwenye kundi, wawili wamelipa, wewe ndiye unayedai. Aliyebaki ni nani? Umemtaja jina bila kulitaja, tena mbele ya wenzake, wakati hana kazi. Deni la mtu husitiriwa. Ungemgongea mlango, au ungekaa naye barazani mkanywa kahawa, angekwambia hali yake. Kabla hujatuma hesabu yoyote anza kwa kuomba radhi, na radhi hiyo usiifungamanishe na pesa.

Wa_Barani · 12 Juni, saa 2:25 asubuhi

Bi mkubwa, umenichoma lakini ni kweli. Nilikuwa na hasira siku ile. Nitamwomba radhi.

KijanaMuyeye · 12 Juni, saa 7 mchana

Mimi kundini naona ni sawa, ili iwe wazi kwa wote. Ukimwandikia pembeni kesho atasema mlikubaliana 500.

Mweka_Hazina · 12 Juni, saa 7:30 mchana

Hesabu ya nyumba nzima iwe kundini, bei na risiti, kila mtu aione. Kudai kuwe pembeni. Hayo ni mambo mawili. Na ukiandika pembeni, maandishi yanabaki kwenye simu, hakuna wa kusema 500.

Mlamu_Langoni · 12 Juni, saa 9 alasiri

Nduu zangu, poleni na majukumu. Huku Amu tulikuwa watatu nyumba moja Langoni, mmoja wetu mvuvi. Gesi na maji ya kununua vinapandishwa mitaa hii na punda, na mwenye punda hulipwa papo hapo, kwa hiyo mimi nilikuwa nalipa kisha nadai. Mvuvi huyu kila mwisho wa mwezi hana kitu. Tukamwona mkorofi. Kumbe sisi tunahesabu mwezi wa kalenda na yeye anahesabu bamvua. Bamvua likija anapata, maji yakifa hana, na kusi likishika sana hata dau halitoki. Tukaacha kumdai tarehe 30, tukawa tunamdai bamvua likiisha. Hatukugombana tena mpaka alipooa akahama.

Sijui kama linakufaa, lakini huyo mpishi mshahara wake unaanza tena lini?

Wa_Barani · 12 Juni, saa 10 alasiri

Linanifaa sana. Anasema hoteli inafungua tarehe 1 Julai, lakini hulipwa mwisho wa mwezi. Kwa sasa anapika harusini na kwenye shughuli, anapata vipande vipande.

Wa_Barani · Jumapili, saa 11 jioni

Nimerudi na namba. Leo tulitoka wote. Nilizungukia kila soketi mwenyewe, hata chaja ya mwanafunzi nikaichomoa. Saa 3 asubuhi mita ilisoma 23.46. Saa 11 jioni, kabla sijawasha taa, ilisoma 23.06. Saa nane, yuniti 0.40. Fundi, nimepima sawa?

FundiNyaya · Jumapili, saa 12 jioni

Sawa kabisa. Siku nzima ina saa nane mara tatu, kwa hiyo friji na ruta wanakula 1.2 kwa siku. Kwa friji dogo la nyumbani hiyo ni namba ya kuaminika. Mei ina siku 31, zidisha unapata yuniti 37.2.

Sasa usitafute bei ya yuniti mtandaoni, maana tokeni ina kodi na tozo ndani yake. Jumlisha pesa zote ulizolipa Mei, gawa kwa yuniti zote ulizopata. Ziko kwenye jumbe zako za tokeni.

Wa_Barani · Jumapili, saa 12:20 jioni

Nilinunua mara tano. Pesa 4,060, yuniti 140. Inakuja shilingi 29 kila yuniti.

Mweka_Hazina · Jumapili, saa 1 usiku

Sasa inahesabika. Yuniti 37.2 kwa 29 ni 1,079, tuseme 1,080. Hiyo ya friji na ruta mgawane kwa nne, 270 kila mtu. Ondoa 1,080 kwenye 4,060, inabaki 2,980 ya taa, feni na pasi. Hii ndiyo inapigwa kwa zile siku 103. Siku moja ya mtu mmoja inakuja karibu 29 kasoro. Yeye siku zake 10 ni 289. Nyinyi wa siku 31 ni 897 kila mmoja.

Maji ya mfereji 1,545 kwa siku 103 ni 15 kamili. Yeye 150, nyinyi 465. Mitungi 600 ni ya watatu, 200 kila mmoja.

Kwa hiyo mpishi anadaiwa waifai 600, taka 100, friji 270, stima ya siku zake 289, maji 150. Jumla 1,409. Si 2,250 yako wala si 875 yake.

Lakini dada, upande wa pili wa daftari usiuruke. Nyinyi watatu kila mmoja inamfika 2,532. Wale wawili walikupa 2,250, kwa hiyo kila mmoja ana 282 ya kuongeza. Nawe yako imepanda vilevile. Ukimpunguzia mpishi bila kuwaambia wale wawili, ile tofauti yote utaibeba peke yako.

Wa_Barani · Jumapili, saa 1:30 usiku

Nimeihakikisha kwa kikokotoo: 2,532 mara tatu ni 7,596, jumlisha 1,409, inarudi 9,005. Nimekaa kitandani naitazama tu. Wiki mbili nimemwona yeye ndiye mwenye makosa, na kumbe nilikuwa namdai 841 zaidi ya haki.

KijanaMuyeye · Jumapili, saa 2 usiku

Kwenye friji mmenishinda, sikulifikiria. Ila bado nasema siku si kipimo cha kweli. Mmoja akipiga pasi kila asubuhi na mwingine ana balbu moja tu, mbona walipe sawa?

FundiNyaya · Jumapili, saa 2:25 usiku

Hapo una hoja, tena iko hoja kubwa nyuma yake. Yuniti 140 ni nyingi. Wa_Barani, mwanzo wa mwaka mlikuwa mnapata ngapi kwa 1,000?

Wa_Barani · Jumapili, saa 2:40 usiku

Nimetafuta. Februari 1,000 ilitoa yuniti 39. Mei imetoa 34 na ushei. Februari yote tulitumia 92. Mwanafunzi alihamia Machi, ana kompyuta ya mezani na feni mbili. Kabla yake kile chumba kilikuwa kitupu.

FundiNyaya · Jumapili, saa 3 usiku

Basi ndivyo ilivyo. Stima ya nyumbani ina madaraja, na wanatazama wastani wenu wa miezi mitatu. Wastani ukipita yuniti 100 mnapandishwa daraja, na bei mpya inashika kila yuniti, si zile zilizozidi peke yake. Nyumba yenu ilikuwa chini ya 100, sasa iko juu. Hata mwenye balbu moja analipia bei ya juu kwa balbu yake.

Lakini msimrukie mwanafunzi. Ndani ya tokeni kuna tozo ya mafuta na ya fedha za kigeni, nazo hubadilika kila mwezi. Kwa hiyo kutoka shilingi 25 na senti hadi 29, sehemu ni daraja na sehemu ni hizo tozo. Ukitaka kumbandika yeye tofauti nzima utakuwa umemwonea.

Dawa ya kweli ni mita ndogo kwa kila chumba, ile ya kufungwa baada ya mita kubwa. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba na fundi, mtu asijifungie mwenyewe.

Wa_Barani · Jumapili, saa 3:45 usiku

Hiyo ya mwanafunzi naiweka kando kwanza, siyo ya mwezi huu. Nimeandika ujumbe wa mpishi. Nisomeeni kabla sijatuma.

"Kaka habari. Tumekaa na wataalamu tukapiga hesabu upya kwa haki na tumegundua kwamba 875 yako si sahihi kwa sababu hukuhesabu friji na waifai. Unadaiwa 1,409. Nimekupunguzia sana. Tafadhali lipa haraka iwezekanavyo kwa sababu wenzako wote wamelipa."

BiMkubwa · Jumapili, saa 4 usiku

Mwanangu, futa. "Nimekupunguzia" ni neno la mwenye duka. Hukumpunguzia kitu, umemrudishia haki yake. Na "wenzako wote wamelipa" ni ile ile "anajijua" umeivika kanzu.

Mweka_Hazina · Jumapili, saa 4:15 usiku

Na "haraka iwezekanavyo" si tarehe. Kwako ni kesho, kwake ni Julai, mtagombana tena. Weka siku moja, namba ya kutumia, na nafasi ya yeye kukuonyesha kosa. Usianze na 875 yake ilivyokosea. Mwonyeshe mistari, ataona mwenyewe iliyokosekana. Na ile ambayo hadaiwi, mitungi, iandike pia. Mtu akiona umemwondolea kitu bila kuombwa, anaisoma ile mistari mingine kwa moyo mwingine.

Mlamu_Langoni · Jumapili, saa 4:20 usiku

Na mwachie mlango wa kulipa mara mbili. Mpishi wa shughuli pesa yake inakuja baada ya shughuli.

Wa_Barani · Jumapili, saa 5:10 usiku

Nimeandika upya. Kesho nitamgongea mlango nimwombe radhi kwa mdomo kwanza, halafu nitume huu, kwake peke yake:

"Assalam aleikum kaka. Kama nilivyokwambia leo, naomba radhi kwa neno langu la kundini. Nimerudia hesabu ya Mei nikafuata siku ulizokuwepo, tarehe 1 hadi 10. Sehemu yako ni hii:

Waifai ya mwezi 600
Taka ya mwezi 100
Friji na ruta, mwezi mzima kwa watu wanne 270
Stima ya siku 10 289
Maji ya mfereji ya siku 10 150
Mitungi ya mkokoteni, hukuwepo 0
Jumla 1,409

Ile 2,250 niliyoandika mwanzo haikuwa sawa. Jumbe za tokeni, bili ya maji na picha za mita ziko hapa chini. Ukiona mahali nimekosea niambie, tutakaa pamoja. Ukiona ni sawa, naomba unitumie kwa M-Pesa kwenye namba hii hii kufikia tarehe 22. Kama yote haipatikani kwa sasa, niambie utaanza na ngapi, na iliyobaki siku gani."

BiMkubwa · Jumapili, saa 5:20 usiku

Huo ni ujumbe wa mtu anayetaka kuendelea kuishi na mwenzake. Tuma.

Wa_Barani · 23 Juni, saa 2 usiku

Jamani nimerudi. Nilimgongea, tukakaa kwenye ngazi za nje kama nusu saa. Hata sikufika kwenye pesa, yeye mwenyewe akasema ile siku alisoma "anajijua" akiwa amesimama kituoni na mfuko wa mahindi ya kwao, amerudi na nauli tu. Usiku nikatuma ujumbe.

Alizisoma picha zote. Friji alilikubali palepale, akasema hata yeye asingetaka nguru wake waoze. Stima na maji hakuyabisha. Aliibishia waifai, akasema 600 ya mwezi kwa mtu aliyeitumia siku 10 inamuuma. Nikamwambia tulikubaliana wanne Machi kuchukua ile ya 2,400, kama si yeye tungechukua ya chini. Akasema ni kweli, lakini akitoka tena Aprili ijayo anataka tuongee kabla, si baada. Hilo nimemkubalia.

Tarehe 20 alituma 1,000, alikuwa na harusi Mambrui. Hiyo 409 amesema tarehe 5 Julai, kuna shughuli nyingine. Nimemwandikia: "Imefika 1,000, imebaki 409, tarehe 5 Julai," akaweka dole gumba. Amerudi kundini pia, bila mtu kumwambia.

Mlamu_Langoni · 23 Juni, saa 2:15 usiku

Alhamdulillah.

Mweka_Hazina · 23 Juni, saa 2:20 usiku

Na zile 282 mbili?

Wa_Barani · 23 Juni, saa 2:45 usiku

Muuguzi alituma yake ndani ya dakika tano, hakuuliza kitu. Mwanafunzi amegoma. Anasema alipewa bili ya 2,250, akailipa siku ile ile, na bili iliyolipwa haifufuliwi. Hana kiburi, anaongea kwa adabu, na sina la kumjibu kwa sababu kosa la kwanza ni langu, mimi ndiye niliyeandika 2,250.

KijanaMuyeye · 23 Juni, saa 3 usiku

Kwa hilo mimi niko na mwanafunzi. Risiti ikishatoka imetoka.

Mweka_Hazina · 23 Juni, saa 3:10 usiku

Mimi siko naye. Kosa la hesabu likigunduliwa husahihishwa, hata chamani tunarudi nyuma mwezi mzima. Maji aliyokunywa ni yale yale. Lakini kumlazimisha siwezi kukushauri. Mwambie iingie kwenye bili ya Juni ikiwa na jina lake lenyewe, "sahihisho la Mei", asiikute imefichwa ndani ya stima.

FundiNyaya · 23 Juni, saa 3:30 usiku

Na Juni ikiisha piga picha ya mita tarehe 30 usiku. Mwezi huu mtabishana na namba, si na watu.

Wa_Barani · 23 Juni, saa 3:50 usiku

Nimebandika karatasi kwenye mlango wa friji, ina majina manne na siku za mwezi, kila anayelala nje anaweka alama. Mpishi ameshaweka yake mbili za Mambrui. Ya mwanafunzi nitaongea naye Jumamosi akiwa hana darasa, ile 282 na zile feni mbili. Sijui nianze na ipi.